Swichi Ilizimwa, Pikipiki Ikaondoka: Kisa cha Manyatta, Kisumu

Pikipiki hii iliibiwa usiku kutoka ploti moja ya Manyatta, ikapatikana siku ya tatu nyuma ya nyumba isiyomalizika karibu na Luanda, kando ya barabara ya kwenda Busia. Baada ya polisi kumrudishia, mwenyewe aliileta kwenye karakana yangu ikiwa imebebwa. Namba ya usajili ilikuwa imeng'olewa, taa ya mbele inaning'inia, kiti kimefunguliwa. Kabla ya kugusa chochote nilimwomba anionyeshe swichi ya siri ya kuzuia injini isiwake, aliyokuwa amewekewa na fundi mwingine. Aliingiza mkono chini ya kifuniko cha pembeni, akatulia, kisha akaniambia, "Fundi, iko vile nilivyoiacha. Imezimwa."

Wezi hawakuiona swichi hiyo wala hawakuigusa, na bado waliiendesha pikipiki zaidi ya kilomita ishirini. Pikipiki hiyo ilikuwa na kufuli la usukani, mnyororo, traka ya GPS na swichi ya siri, vizuizi vinne kwa pamoja, na vyote vilishindwa usiku mmoja. Nimeona ni vyema nieleze kila kimoja kilishindwa vipi, kwa sababu wengi wetu hapa tuna vitu hivyohivyo, vimefungwa vilevile.

Usiku wenyewe

Pikipiki ni ya 125, ya muundo wa CG, ule ambao umejaa katika kila steji kuanzia Kondele mpaka Ahero. Mwenyewe huiegesha ndani ya ploti yenye vyumba kadhaa na geti moja linalofungwa usiku. Siku hiyo aliingia saa 4, akafunga usukani kwa ufunguo, akapitisha mnyororo kwenye gurudumu la mbele na mguu wa usukani, akazima swichi ya siri, akalala.

Traka ilihifadhi mwendo wote kwenye kumbukumbu yake, na hiyo ndiyo iliyotusaidia kujua kilichotokea. Saa 8 na dakika 34 usiku ilitoa taarifa ya kutikiswa. Dakika nne baadaye pikipiki ilikuwa nje ya geti. Ilisimama kidogo mita mia na kitu kutoka hapo, kwenye kona isiyo na taa, halafu ikaondoka kwa mwendo wa pikipiki inayowaka kweli, wala si ya kusukumwa. Ilipita Kondele, ikashika barabara ya Busia, na kufika Kisian ikasimama tena. Hapo, saa 8 na dakika 58, traka ilitoa taarifa kwamba umeme wa betri umekatwa, na baada ya muda mfupi ikanyamaza kabisa. Mlinzi wa duka moja barabarani alisema aliona pikipiki mbili zikipita pamoja, ya nyuma haina taa.

Kwa hiyo kuanzia mtikiso wa kwanza mpaka traka kufa ni dakika ishirini na nne. Muda wote huo simu ya mwenyewe ilikuwa kando ya mto imewekwa kimya, na taarifa tatu zilikuwa zimeingia kwenye kioo bila mlio. Aliamka saa 11.

Kufuli la usukani na mnyororo

Kufuli la usukani ni pini ndogo ya chuma inayoingia kwenye tundu la shingo. Mtu mwenye nguvu akiushika usukani na kuuvuta kwa kishindo upande wa pili, pini hupinda au tundu hupasuka. Kwenye pikipiki hii pini ilikuwa imekatika na kuacha kipande ndani. Linafaa kumzuia mtoto au mlevi, na hakuna haja ya kulitarajia zaidi ya hapo. Liwekwe, lakini lisihesabiwe.

Mnyororo ndio uliostahili kufanya kazi. Mwenyewe alikuja nao kwenye mfuko, na kufuli likiwa bado limefungwa juu yake, zima, halina mkwaruzo. Lilikuwa kufuli zuri alilonunua kwa bei kubwa. Kilichokatwa ni pingili moja ya mnyororo. Ukiitazama pingili hiyo kwa karibu unaona pande mbili zimebanwa zikakutana katikati, mfano wa paa la nyumba, na hakuna mistari midogo ya msumeno wala rangi ya bluu ya chuma kilichopata moto. Hiyo ni kazi ya mkasi mkubwa wa kukatia vyuma, na ni bano moja tu. Haupigi kelele. Jirani anaweza kulala mlango wa pili asisikie kitu.

Mnyororo huo ulikuwa wa milimita 6, wa kupimiwa kwa mita dukani, ule unaofungia mageti na mbwa. Chuma chake ni laini. Kuna njia rahisi ya kujua kabla ya kununua: chukua tupa au kipande cha msumeno wa chuma, usugue pingili moja mara kadhaa. Chuma laini hukubali, unaona mfereji unaanza. Chuma kilichokaushwa kwa moto hukataa, tupa inateleza na kuacha alama ya kung'aa tu. Muuza duka akikukataza kufanya hivyo, peleka tupa kwenye duka jingine. Mnyororo wa chuma kigumu wa milimita 10 tayari unaushinda mkasi wa kawaida wa mkono. Wa 12 au zaidi unahitaji mkasi mkubwa sana au grinda, na grinda ina kelele na cheche ambazo mwizi wa ndani ya ploti hazitaki.

Kosa la pili lilikuwa urefu. Mnyororo ulikuwa mrefu na sehemu yake imelala chini sakafuni. Mkasi ule una mikono mirefu. Ukiegemeza mkono mmoja sakafuni, unaulalia ule wa juu kwa uzito wako wote wa mwili. Pingili ikiwa juu hewani, karibu na kiuno cha fremu, mwizi inabidi abane kwa nguvu za mikono tu. Ndiyo maana mnyororo mfupi unaokaa juu ni bora kuliko mrefu, hata kama chuma ni kilekile.

Kosa la tatu, na kwangu ndilo kubwa, ni kwamba mnyororo haukufungwa kwenye kitu chochote. Ulifunga gurudumu la mbele kwenye mguu wake wenyewe. Watu wawili wakiinua mbele, pikipiki inatembea kwa gurudumu la nyuma. Na hata gurudumu la mbele likifungwa kwenye nguzo, gurudumu hilo hutoka kwa kufungua nati moja ya ekseli, ukabaki na gurudumu kwenye nguzo. Mnyororo upite gurudumu la nyuma na fremu kwa pamoja, halafu uende kwenye kitu kilichozama ardhini.

Swichi ya siri: kwa nini haikuzuia kitu

Hapa ndipo nilipokaa na mwenyewe muda mrefu zaidi, kwa sababu mwanzoni hakuamini.

"Lakini mzee, niliijaribu," aliniambia. "Siku ile nilipofungiwa, nilizima swichi, nikawasha ufunguo, nikabonyeza kitufe. Kimya. Hata honi haikulia."

"Na kiki, uliipiga?"

Hakuwa ameipiga. Fundi aliyemfungia naye hakuipiga.

Kwenye pikipiki nyingi za muundo huu, cheche ya plagi haitoki kwenye betri. Ndani ya magneti, upande wa kushoto wa injini, kuna koili inayozalisha umeme wake kila injini inapozunguka. Umeme huo huenda moja kwa moja kwenye CDI, kile kiboksi kidogo cheusi. Koili nyingine ndogo, ambayo mafundi huiita palsa, hutuma ishara ya wakati wa kulipuka. CDI ikipata vitu hivyo viwili, inatoa cheche. Betri inahitajika kwa taa, honi, viashiria na stata ya kitufe. Injini yenyewe haiitegemei. Ndiyo maana kijana wa steji ambaye betri yake imekufa mwezi mzima bado anapiga kiki na kwenda kazini.

Sasa ufunguo unazimaje injini ya namna hiyo? Nyuma ya taa ya mbele kuna plagi ya swichi ya ufunguo yenye nyaya nne. Kwa kawaida ni nyekundu, nyeusi, kijani, na nyeusi yenye mstari mweupe. Ukiwasha ufunguo, nyekundu inaungana na nyeusi, umeme wa betri unaenda kwenye taa na honi. Ukizima ufunguo, ile nyeusi yenye mstari mweupe inaunganishwa na kijani, yaani inagusishwa bodi, na hapo CDI inakosa nguvu ya kutoa cheche. Yaani ufunguo wa pikipiki hii hauipi injini ruhusa ya kuwaka. Unachofanya ni kuizuia tu ukiwa umezimwa. Plagi hiyo ikichomolewa, kizuizi hakipo tena. Kiki moja au mbili, injini inawaka bila ufunguo.

Hicho ndicho wezi walichofanya kwenye kona isiyo na taa. Nilipofika kwenye taa ya mbele nikakuta plagi imechomolewa vizuri, haikukatwa hata waya mmoja. Swichi ya siri ilikuwa imefungwa kwenye waya mwekundu wa betri. Ilikata taa, honi na kitufe, ndiyo maana mwenyewe alipoijaribu akaridhika, na ndiyo maana mlinzi aliona pikipiki isiyo na taa. Haikuwa na uhusiano wowote na cheche.

Si pikipiki zote ziko hivyo. Nyingine CDI yake hulishwa na betri kupitia ufunguo, na hizo plagi ya ufunguo ikichomolewa haziwaki. Usiulize jina la kampuni wala rangi ya waya, ijaribu yako mwenyewe. Mwambie fundi achomoe plagi ya swichi ya ufunguo, halafu piga kiki. Ikiwaka, pikipiki yako ni kama hii ya Manyatta. Isipowaka, ni ya kulishwa na betri, na mwizi atahitaji kupeleka waya kutoka betri mpaka kwenye CDI. Hilo nalo si gumu kwa anayejua, lakini linamtaka afungue vitu zaidi.

Waya ambao mimi nauchagua kwa aina zote mbili ni wa palsa. Kwenye muundo huu mara nyingi ni wa bluu wenye mstari mweupe, unaotoka magnetini kwenda kwenye CDI. Ukiukata katikati na kuweka swichi, CDI inaweza kuwa na umeme wote duniani lakini haiambiwi ilipue lini, na hakuna cheche. Zaidi ya hapo, hautatuliwi kwa kuchomoa kitu. Ile njia nyingine wanayoipenda mafundi, ya swichi inayogusisha bodi ule waya mweusi wenye mstari mweupe, inaondolewa kwa kuukata waya huo tu. Kwa waya wa palsa mwizi lazima aupate kati ya nyaya zote, ajue umekatika wapi, na auunge, gizani, huku akiwa na haraka.

Kuhakikisha waya ni wenyewe, toa plagi ya cheche, iache ndani ya kofia yake na uigusishe kwenye chuma cha injini, washa ufunguo, kisha piga kiki. Swichi ya siri ikiwa imewashwa uone cheche, ikiwa imezimwa usione kitu. Plagi lazima iguse chuma wakati wote, kwa sababu kupiga kiki ikiwa hewani kunaweza kuunguza CDI. Baada ya hapo rudisha plagi, zima swichi ya siri, washa ufunguo, ujaribu kitufe na kiki vyote viwili. Halafu chomoa plagi ya ufunguo, ujaribu kiki tena. Kama haiwaki katika hali zote hizo, kazi imekubali.

Umeme unaopita palsa ni mdogo sana, kwa hiyo swichi ndogo inatosha. Kinachosumbua ni viungo. Waya uliosokotwa kwa mkono na kufungwa utepe utaingia maji msimu wa masika, na injini itaanza kukatakata kwenye matuta au kuzima ghafla ukiwa na abiria. Viungo vichomewe kwa risasi na kuvishwa mpira unaobana kwa joto. Ikianza kukatakata siku moja, kabla ya kununua CDI mpya, tikisa swichi hiyo injini ikiwa inanguruma pole. Ikibadilika sauti, ugonjwa uko hapo.

Kuhusu mahali pa kuificha sitataja hata sehemu moja, kwa sababu wezi nao wanasoma. Nitasema tu isiwe chini ya kiti wala chini ya vifuniko vya pembeni, maana huko ndiko kila mtu hutazama, mkono wako uifikie bila spana, na goti la abiria lisiifikie. Nyaya mpya zifungwe utepe mweusi uleule uliochakaa kama wa zamani. Utepe mpya unaong'aa katikati ya mkanda wa nyaya wenye vumbi ni kama kibao cha duka. Na pikipiki za steji moja zisifungiwe zote mahali pamoja na fundi mmoja. Mimi mwenyewe nambadilishia kila mteja.

Traka

Traka ya pikipiki hii ilifanya kazi yake. Ilitoa taarifa ya mtikiso, ikafuata njia, ikasema umeme umekatwa. Kilichoshindwa ni mambo matatu yaliyoizunguka.

La kwanza ni simu iliyokuwa kimya. Traka nyingi zina uwezo wa kupiga simu badala ya kutuma taarifa tu. Mpangilio huo uwashwe, na namba ya laini ya traka iwekwe kwenye simu yako kama namba inayoruhusiwa kulia hata simu ikiwa kimya. Dakika ishirini na nne ni nyingi kwa mtu aliye macho. Taarifa ya kwanza ilipoingia, pikipiki ilikuwa bado ndani ya ploti.

La pili ni mahali ilipofungwa. Ilikuwa chini ya kiti, kando ya betri, mahali ambapo wafungaji wengi huiweka kwa sababu ni rahisi. Wezi walisimama Kisian wakafungua kiti na kuikata bila kuhangaika. Inaweza kukaa ndani zaidi, mradi upande wake wa juu haujafunikwa na chuma kinene, kwa sababu GPS inahitaji kuona anga. Plastiki na sponji hazina shida, lakini tangi la chuma ni shida. Traka pia ina betri yake ndogo ndani, lakini hiyo ni ya saa chache, na haisaidii kitu ikiwa traka nzima imetupwa mtaroni.

La tatu lilikuwa linanisubiri nilipofuata nyaya zake. Mfungaji alikuwa ameweka relei ya kuzima injini kutoka mbali, na ameifunga kwenye waya uleule mwekundu wa betri. Hata kama mwenyewe angeamka na kutuma amri ya kuzima, injini ingeendelea kunguruma, taa tu ndizo zingezimika. Relei pia ifungwe kwenye waya wa palsa. Na ujue kwamba kwa kawaida relei hizi hufungwa kwa namna ambayo traka ikikatwa umeme, relei inaachia na injini inakuwa huru. Kwa sababu hiyo nataka swichi ya mkono iwe na njia yake peke yake, isitegemee traka hata kidogo.

Laini ya traka huisha salio na bando kimyakimya, na isipotumika muda mrefu huweza kufungwa. Kuna aina ya traka iliyoenea sana ambayo unaiuliza hali yake kwa arafa ya kawaida, ukitumia nenosiri la kiwandani kama halijabadilishwa:

```
check123456
```

Hurudisha majibu ya namna hii:

```
Power: ON
Bat: 100%
GPRS: ON
GPS: OK
ACC: OFF
```

Ikijibu `Power: OFF` na hujafungua betri, kuna mtu amekata waya au fyuzi imeungua. Isipojibu kabisa, anza na salio. Na nenosiri hilo libadilishwe siku hiyohiyo, kwa sababu kila mwenye traka ya aina hiyo analijua:

```
password123456 482915
```

Baada ya `password` ni nenosiri la zamani, nafasi moja, kisha jipya la tarakimu sita utakalochagua mwenyewe, usitumie hilo la mfano.

Amri ya kuzima kutoka mbali haifai kutumwa pikipiki ikiwa mwendoni. Mtu anaweza kufa barabarani, na huenda aliyeipanda si mwizi bali ni kijana aliyeuziwa jana. Subiri isimame, uwe na polisi. Hali kadhalika swichi ya siri ni ya pikipiki iliyoegeshwa. Abiria akikutolea kisu usiku njia ya Mamboleo, usijaribu kuizima ili injini imfie mkononi akiwa bado karibu nawe. Mwachie aende, traka itaongea.

Tulichokifanya baadaye

Tulihamisha swichi kwenye waya wa palsa na kuijaribu kama nilivyoeleza. Traka ikapata mahali pengine, ikapangwa kupiga simu namba mbili, yake na ya mkewe. Mnyororo wa milimita 12, mfupi, chuma kigumu, kufuli lake lina mabega yanayofunika kishikio ili mkasi usipate pa kuuma.

Kazi iliyochukua maneno mengi ilikuwa pete ya sakafuni. Kwa sababu hata swichi ikiwa nzuri namna gani, haizuii pikipiki kusukumwa. Kila mtu hapa ameona mwendesha boda akimsaidia mwenzake aliyeishiwa mafuta, mguu mmoja umewekwa kwenye kikanyagio cha mwenzake na wote wawili wanakwenda. Wezi hufanya vivyo hivyo, au huleta pikapu. Mwenye ploti mwanzoni alikataa sakafu yake kuchimbwa. Alikubali alipoambiwa pete itatumiwa na wapangaji wote watatu wenye pikipiki. Tulikunja nondo ya milimita 16, tukaichomelea vipande vya kukingama chini, tukaizamisha kwenye shimo la zege la futi moja na nusu karibu na ukuta. Nondo ni chuma laini, lakini kwa unene huo mkasi wa kawaida wa mkono hauwezi kuizungushia midomo, hasa ikiwa imeinuka kidogo tu juu ya sakafu.

Mchana ndio bado nina wasiwasi nao. Anaposhuka kumpelekea mteja mzigo ndani ya soko la Kibuye, anaacha ufunguo kwa sababu "ni dakika moja". Swichi ya palsa inasaidia hapo kuliko mnyororo, kwa kuwa kuizima ni kugusa tu ukishuka, na mwizi anayerukia pikipiki yenye ufunguo hana muda wa kufungua chochote. Ikikataa kuwaka kiki ya tatu, anaiacha. Mnyororo wa kubeba ni mzito, na hakuna atakayeufunga mara ishirini kwa siku, hilo niseme wazi. Kwa vituo virefu kama hospitali au kanisani, aegeshe mahali ambapo mtu wa steji anayemjua anaona, si nyuma ya ukuta kwenye kivuli.

Kuhusu kupatikana kwake: ujumbe aliotuma kwenye makundi ya WhatsApp ya steji za barabara ya Busia ndio uliofanya kazi. Hakuandika tu rangi na aina, kwani za namna hiyo ziko elfu. Aliandika kwamba keria imechomelewa upande wa kulia na kikanyagio cha nyuma kimefungwa mpira wa tairi. Mtu mmoja wa Luanda akaitambua keria kabla ya kuona kitu kingine. Wezi walikuwa wameiacha hapo, nadhani wakisubiri kuona kama kuna traka nyingine itakayoleta watu kabla ya kuivusha mpakani au kuifungua vipande.

Kituoni alitakiwa kuonyesha namba ya OB aliyopewa aliporipoti, nakala ya kitabu cha usajili cha NTSA, na namba ya chesi ilingane na ile iliyogongwa kwenye shingo ya fremu. Ya injini nayo ikaangaliwa. Pikipiki yake ilikuwa bado inalipiwa mkopo, kitabu kiko kwa mkopeshaji, na siku mbili zaidi zilipotea akifuatilia nakala huku pikipiki imelala kituoni. Sasa ana picha za namba zote mbili, nakala ya kitabu, na picha ya keria ile, kwenye simu yake na kwenye simu ya mkewe.